Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kampuni za Kusambaza Mizigo: Mkituuliza Kama Mtu Atakuwepo, Pokeeni Jibu

Ndugu wakuu,

Meseji yenu iliingia kwenye simu yangu siku ya Jumanne, saa 12 na dakika 12 asubuhi. Nainukuu yote kwa kuwa ni fupi: "Mzigo wako utafika leo kati ya 10:00 na 14:00. Tafadhali jibu NDIYO kuthibitisha kuwa mtu atakuwepo kupokea."

Ukiisoma mbiombio utasema ni ujumbe wa adabu na haina kosa. Nawaandikia kwa sababu ya ujumbe huo na yaliyotufika mchana wake. Nawaandikia pia kwa sababu niliwahi kukaa miaka 6 upande wenu wa meza, nikipanga ruti za magari ya kusambaza mizigo. Najua meseji hiyo inatokea wapi, na najua jibu lake huishia wapi.

Mzigo wenyewe ulikuwa godoro la hewa la mgonjwa, lile lenye pampu inayojaza na kupunguza hewa kwa zamu ili mwili usielemewe mahali pamoja. Mama yangu hawezi kuinuka kitandani. Ngozi ya mgongoni, chini karibu na kiuno, ilikwisha kuanza kuwa nyekundu, na muuguzi alituagiza tumgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana, hadi godoro lipatikane. Mimi na dada yangu tunapeana zamu. Yeye humwangalia mama tangu alfajiri hadi saa 8 na dakika 10 mchana, kisha hukimbilia kazini. Mimi hufika saa 9 na robo. Katikati hapo mama hubaki peke yake kwa saa 1 na dakika chache, mlango umefungwa, simu iko karibu na mkono wake. Kipindi mlichotupa kiliangukia zamu ya dada. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana angekuwepo bila shida yoyote.

Nikajibu NDIYO. Simu ikaleta alama kwamba ujumbe haukutumwa. Nikarudia mara 3, matokeo yaleyale.

Ilinibidi nitazame juu ya ujumbe ndipo nikaelewa. Aliyetuma hakuwa namba, alikuwa jina la kampuni. Wanaoshughulika na meseji za jumla wanalijua hili vizuri: mtumaji anaweza kuonekana kwa jina lisilozidi herufi 11, na jina hilo hupendeza kwa kuwa mteja anatambua mara moja nani kamwandikia. Lakini jina halina njia ya kurudi. Mtandao wa simu hauna mahali pa kulipeleka jibu. Ukitaka watu wakujibu, sharti utume kwa namba, iwe ndefu ya kawaida au ile fupi ya tarakimu chache inayosajiliwa kwa mitandao. Kwa hiyo mtu fulani ofisini kwenu aliandika maneno "jibu NDIYO" na mtu mwingine akayapitisha kwenye njia isiyopokea jibu, na kwa muda wote huo hakuna aliyekaa chini akajaribu kujibu kwa simu yake mwenyewe.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa mpole. Akaniambia, "Usiwe na wasiwasi mama, kwenye mfumo naona meseji imefika." Nilimwuliza kama jibu langu nalo limefika. Akarudia kwamba meseji imefika.

Naomba nikae kidogo hapa, maana neno hili "imefika" limewahi kunidanganya hata mimi nilipokuwa kazini. Meseji ikitoka kwenu hupita kwanza kwenye kituo cha meseji cha mtandao wa simu. Simu ya mteja ikiwa imezimwa au haina mtandao, kituo huitunza na kuijaribu tena baadaye, hadi muda wake wa kutunzwa utakapokwisha. Siku simu inapowashwa ndipo meseji inaingia, na kituo huwaletea taarifa kwamba imefika. Taarifa hiyo inasema jambo moja tu: kwamba simu imeipokea. Haisemi kama mtu ameiona, wala kama ameisoma, wala kama ataweza kuwepo. Nimewahi kuona ofisi ambamo safu ya "imefika" kwenye jedwali ndiyo iliyohesabiwa kuwa safu ya "amethibitisha". Wateja wote wa siku ile walionekana wamekubali, wakiwemo waliokuwa wamelala simu zimezimwa.

Basi dada akangoja. Aliacha mlango wa mbele wazi kidogo ili asikie gari. Saa 4 ikafika, saa 5, saa 6. Saa 7 na nusu alinipigia kuniuliza kama nimepata habari yoyote, nikamwambia sijapata. Saa 8 kamili kipindi chenu kikaisha. Alingoja dakika 10 zilizobaki, akamgeuza mama, akampa maji, akafunga mlango akaenda kazini.

Gari lenu lilifika saa 8 na dakika 36.

Wapakuzi wenu 2 walibisha hodi. Mama aliwasikia. Aliniambia jioni kwamba aliitikia "Karibuni!" kwa sauti yote aliyonayo, na kwamba alisikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Hapa hakuna mtu." Dereva akampigia dada yangu, aliyekuwa tayari ndani ya basi. "Dada, niko mlangoni kwako, mbona hakuna mtu?" Dada akamjibu, "Kaka yangu, nimekungoja tangu asubuhi. Umeniambia saa 8, sasa inakwenda saa 9." Akamsihi angoje nusu saa hivi, mimi nitakuwa nimefika. Dereva akasema ana milango mingine 20 mbele yake, na alisema kweli. Akabonyeza kwenye kifaa chake "Mpokeaji hayupo". Godoro likarudi ghalani, likaja siku ya tatu. Kwenye kumbukumbu zenu jaribio la kwanza kati ya matatu limehesabiwa, na kosa ni letu.

Mlituuliza kama mtu atakuwepo. Mtu alikuwepo. Alikuwepo dada kwa muda wote mliouomba, na mama hakuondoka hata kidogo, maana hawezi.

Siku ya pili yake nilikwenda kwenye tawi lenu. Msimamizi wa zamu alinisikiliza, na nilipomwambia kazi niliyowahi kuifanya alinigeuzia kioo cha kompyuta tukaisoma ruti ya siku ile pamoja. Namshukuru kwa hilo. Nataka nanyi muisome kama tulivyoisoma sisi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi.

Gari lilipangiwa milango 48, litoke ghalani saa 2 kamili asubuhi. Mfumo ulikadiria dakika 9 kwa kila mlango, kuendesha, kushusha na kusainiwa vikiwa ndani yake. Mlango wetu ulikuwa wa 28, maana yake kulikuwa na 27 kabla yetu. Dakika 9 mara 27 ni dakika 243, yaani saa 4 na dakika 3. Ukianzia saa 2 asubuhi unafika kwetu saa 6 na dakika 3 mchana. Mfumo ukachukua makadirio hayo, ukaweka takriban saa 2 mbele na saa 2 nyuma, ndipo tukapata kipindi cha saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Hata mimi ningepanga hivyo.

Lakini gari lilichelewa kupakiwa, likatoka saa 2 na dakika 45. Kisha barabarani kila mlango ukachukua wastani wa dakika 13 badala ya 9. Nyongeza ya dakika 4 kwa mlango mmoja dereva haihisi. Kwa milango 27 ni dakika 108. Ongeza dakika 45 za kuchelewa kutoka, unapata dakika 153, zaidi kidogo ya saa 2 na nusu. Toka saa 6 na dakika 3, ongeza hizo, utatua hasa kwenye saa 8 na dakika 36, dakika ambayo mama alisikia hodi.

Jambo lililonifanya niandike barua hii ni mstari mmoja wa kumbukumbu zile. Saa 4 na dakika 3 asubuhi dereva aliskani mzigo wa mlango wa 6. Kwa mpango, saa hiyo alitakiwa awe amemaliza milango 13. Mfumo wenu ulikuwa na kila kitu mkononi: saa aliyotoka, idadi ya milango aliyomaliza, dakika alizotumia. Bado milango 21 kabla yetu, kila mmoja dakika 13, jumla dakika 273. Mtoto wa shule angewaambia kwamba hamtafika kwetu kabla ya saa 8 na nusu. Mlikuwa mnajua, au mlikuwa na uwezo wa kujua, saa 4 na nusu nzima kabla ya kubisha hodi. Meseji moja wakati ule ingetosha. Dada angemwomba mwenzake kazini amshikie nafasi kwa saa 1, au mimi ningeomba ruhusa ya kutoka mapema, au jirani angekaa na mama. Tulikuwa na njia 3, na zote zilikuwa wazi hadi saa 8 mchana.

Sisemi haya kumlaumu dereva. Yeye hakupanga milango 48 wala hakuchelewesha upakiaji, na kifaa chake kina vitufe 4 tu vya kufunga mlango: "Imepokelewa", "Mpokeaji hayupo", "Imekataliwa", "Anwani si sahihi". Nilimwuliza msimamizi, kitufe cha "Tumefika nje ya muda" kiko wapi? Hakipo. Dereva anayefika nusu saa baada ya kipindi kwisha hana namna ya kusema ukweli hata akitaka. Na huko juu, ripoti ya mwezi inapofika mezani kwenu, mnaona wateja wengi hawapo nyumbani, mnaamua kuongeza meseji za kuwaonya wateja wawepo. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Nilinyamaza wakati ule, na hilo linaniuma.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo wapangaji wenu wa ruti wanalijua, nami napenda mlijue nyinyi wakuu. Hesabu ya kupanga njia za magari ni ya zamani. Mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser waliichapisha kwa mfano wa malori yanayopeleka petroli kwenye vituo. Baadaye wataalamu wakaongeza mipaka ya saa, kwamba kila mteja ana saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa. Mwaka 1987 Marius Solomon alitoa mafumbo ya majaribio ya aina hiyo, kila moja likiwa na wateja 100, na hadi leo watu hupimia programu zao kwa mafumbo hayo. Humo kanuni ni hii: gari likiwahi, gari ndilo linalongoja hadi saa ya mteja ifike. Gari likifika baada ya saa kupita, mpango mzima umeharibika na haukubaliwi. Mipaka ya saa inalifunga gari. Kwenye hesabu zile mteja hana deni lolote la kungoja.

Meseji yenu imechukua kipindi kilekile ikakigeuza kimfunge mteja peke yake. Mimi nathibitisha kuwepo kwa saa 4. Nyinyi hamkuthibitisha kitu.

Sasa niseme ninachoomba, na naanza na saa ya kutuma. Meseji iliyotufikia saa 12 asubuhi ilikuwa imechelewa hata kama ingejibika. Nilipofanya kazi tulifunga orodha ya mizigo ya kesho saa 4 usiku. Baada ya hapo ruti inapangwa, na alfajiri mizigo inapakiwa kwa kinyume, wa mlango wa mwisho unaingia kwanza na wa mlango wa kwanza unakaa karibu na mlango wa gari. Mteja akisema HAPANA saa 1 asubuhi, mzigo wake umekwisha kufunikwa na mingine. Utazungushwa mji mzima siku nzima na kurudi jioni. Kibaya zaidi, nafasi yake kwenye ruti imekwisha kuliwa, hakuna mteja mwingine aliyeipata. Swali la kama mtu atakuwepo lina maana likiulizwa jana yake, mathalani saa 11 jioni, na jibu lipokelewe hadi saa 2 usiku, ili wapangaji wawe na saa 2 za kuondoa na kuongeza kabla ya kufunga. Mkiuliza baada ya orodha kufungwa, mnauliza kwa ajili ya kupata mtu wa kumlaumu.

La pili ni ukimya. Wengi hawatajibu, na hamtaweza kuwalazimisha. Wengine wako nyumbani kabisa, ila meseji hawajaiona. Kampuni moja huchukulia kimya kuwa ndiyo, nyingine huchukulia kuwa hapana na mzigo haupakiwi, na mteja hajui yuko na kampuni ya aina gani. Mimi kwa uzoefu wangu naona kimya kichukuliwe kuwa mzigo uletwe, isipokuwa kwa mizigo mizito inayohitaji wapakuzi 2 au zaidi, ambapo mtu apige simu kabla ya orodha kufungwa. Lakini hata mkiamua vingine, liandikeni kwenye meseji.

La tatu ni huyo "mtu". Mtu gani? Godoro la mama lilihitaji sahihi ya mtu mzima na mlango wa kufunguliwa. Meseji haikusema. Nawafahamu watu waliomwachia mtoto wa miaka 12 kazi ya kupokea, wakaambiwa haruhusiwi. Nawafahamu waliotaka jirani apokee, wakakuta mpokeaji lazima awe yule aliyeagiza na aonyeshe kitambulisho. Maneno 3 tu, "mtu mzima asaini", yangeondoa mkanganyiko huo.

Na la nne ni saa yenyewe. Mnaandika Kiswahili halafu mnaweka "10:00". Shangazi yangu husoma saa kumi, na saa kumi kwake ni jioni. Kampuni nyingine niliyowahi kuagiza kwayo iliandika "saa 4:00 hadi 8:00" bila asubuhi wala mchana, na aliyeizoea saa ya kizungu akadhani ni jioni hadi usiku. Ninyi mnaandikia watu wa aina zote mbili kwa lugha moja. Andikeni "saa 4 asubuhi hadi 8 mchana" na hapatakuwa na wa kukosea.

Najua mtasema meseji haina nafasi ya maneno mengi. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Niliketi na kalamu nikaandika hii:

"Mzigo wako: kesho Jumanne, saa 4 asubuhi hadi 8 mchana. Mtu mzima asaini. Jibu 1 yupo, 2 siku nyingine. Usipojibu kufikia saa 2 usiku, tunauleta."

Ni herufi 145. Imesema siku, kipindi, nani anahitajika, namna ya kujibu, mwisho wa kujibu na maana ya kukaa kimya, na bado zimebaki 15. (Mafundi wenu wawe macho na ile alama ya ng' na kistari kirefu. Wakiziweka za mapambo badala ya zile za kawaida, meseji nzima hubadilika aina, ikawa inabeba herufi 70 tu, na mtalipia meseji zaidi ya moja kwa ujumbe uleule.) Namba 1 na 2 nimezichagua kwa makusudi. Mtu akiandika ndio, ndiyo, ndyo, sawa au poa, mfumo unaosubiri neno moja tu hautamwelewa. Tarakimu hata mwenye simu ya kitufe na macho mabovu anaibonyeza.

Kwa nini nisipendekeze linki ya kubonyeza, kama wengi mnavyofanya siku hizi? Kwa sababu matapeli nao wanatuma meseji za mizigo zenye linki, na zao zinafanana na zenu. Mteja mnayemzoesha kubonyeza linki iliyomjia ghafla ikimtaja mzigo, mnamzoesha pia kubonyeza ya tapeli. Linki iwepo kwa anayeihitaji kubadilisha anwani, tena adaiwe namba ya siri kabla ya kubadilisha chochote. Jibu la ndiyo au hapana lipite kwa meseji ya kawaida.

Siku yenyewe ya kuleta, tumeni ya pili pale makadirio yanapotoka nje ya kipindi mlichoahidi. Sijasema kila dakika 5, watu watazizima. Nasema mara moja, pale mfumo unapoona kwamba mlango fulani hautafikiwa kwa wakati. Kwa ruti yetu ile ingekuwa saa 4 asubuhi: "Tumechelewa. Tutafika saa 8 na nusu hadi 9 na nusu mchana. Jibu 1 yupo, 2 siku nyingine." Dada angejibu 1, na ndani ya nusu saa tungekuwa tumepanga nani akae. Atakayejibu 2 anawaokolea dereva na wapakuzi safari ya kupanda ngazi bure. Mlango mmoja uliorukwa mapema unarudisha dakika 13 kwa kila aliye nyuma yake kwenye ruti.

Ombi langu la mwisho halihitaji hata meseji. Kila skani ina saa yake, na kila mzigo una mwisho wa kipindi chake. Uwekeni mfumo ulinganishe vitu hivyo viwili kabla ya kukubali "Mpokeaji hayupo". Skani ikiwa ndani ya kipindi, sawa, mteja aliahidi na hakuwepo, lihesabiwe jaribio. Skani ikiwa nje ya kipindi, iandikwe "Tumefika nje ya muda", jaribio lisihesabiwe, na mteja asidaiwe gharama ya safari ya pili. Mpangaji wa mfumo anaweza kuiandika kanuni hiyo kwa siku moja. Ripoti ya mwezi utakaofuata itawaonyesha ni milango mingapi kati ya ile mnayoiita ya wateja wasiokuwepo ilikuwa na mtu hadi dakika ya mwisho ya kipindi chenu.

Msimamizi wa tawi aliniambia hana mamlaka ya kufuta jaribio lililokwisha kuandikwa kwenye jina letu, yako kwenu. Naomba lifutwe. Pampu ya godoro letu ilipaswa kuja na kichujio cha hewa cha akiba ambacho hakikuwemo kwenye boksi, nacho kimeshaagizwa kwa kupitia kwenu. Tutapata meseji yenu tena wiki hizi. Dada atakuwepo hadi saa 8 na dakika 10, mimi kuanzia saa 9 na robo, na katikati yake mama yumo ndani. Mkiona kwamba mtaangukia katikati, tuambieni mapema, jirani ameshakubali kuja kufungua.

Wenu,
Mteja, na mpangaji ruti wa zamani